Maelezo ya usalama baharini yaanze na mikono, karatasi ifuate

Vikundi vya huku kwetu Kisumu, vyama vya akina mama, walimu, watu wa kanisa, hupenda kushuka Pwani shule zikifungwa, na mara nyingi hutenga siku moja kwenda Shimoni. Hapo hupanda jahazi hadi Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, wakaangalie pomboo na kuogelea juu ya matumbawe kwa miwani na mrija wa kupumulia, yaani snokeli. Kazi yangu ni kuwatayarishia maelezo ya usalama kwa Kiswahili. Nimeona tafsiri nyingi za maelezo haya, na msimamo wangu ni kwamba nyingi ni aminifu kwa karatasi lakini hazimsaidii abiria akishaketi chomboni.

Chukua sentensi hii, ambayo hukosi kuiona kwa namna moja au nyingine: "Abiria hawaruhusiwi kuvua majaketi okozi isipokuwa pale watakapoelekezwa vinginevyo na nahodha." Sarufi yake haina kasoro. Lakini abiria wetu wengi wanazungumza Kijaluo au Kiluhya nyumbani, injini inanguruma, upepo unavuma, na aliyeketi nyuma anapata nusu ya maneno. Hapo ndipo maagizo ya kukataza yanapokuwa hatari. Kukataza kwetu kunabebwa na silabi mbili za mwanzo wa neno, na hizo ndizo upepo humeza kwanza. "Usisimame" ikikatwa kichwa inabaki "simame". "Usiruke" inabaki "ruke". Kwa hiyo kila katazo naligeuza liwe agizo la kutenda. Badala ya "usisimame", naandika "kaa". Badala ya "usiruke", naandika "subiri, nahodha akikuita, shuka kwa ngazi". Agizo la namna hiyo hata likisikika nusu halimpeleki mtu kwenye jambo lililo kinyume chake.

Sentensi ile ya jaketi basi inakuwa hivi: "Vaa jaketi sasa, kabla hatujaondoka. Kaa nalo mwilini. Tukifika kwenye matumbawe na chombo kikatia nanga, nahodha atasema: badilisheni. Hapo ndipo utalivua na kuvaa fulana ya kuelea."

Hilo neno "badilisheni" ndilo kiini, na ndilo tafsiri nyingi hulipita. Jaketi okozi kamili la safari limejazwa povu jepesi, zaidi kifuani na shingoni, ili mtu aliyezimia ageuzwe chali na uso utoke nje ya maji. Anayeogelea kwa mrija anataka kinyume chake: alale kifudifudi uso ukiwa majini. Akivaa jaketi la safari, litapigana naye. Kichwa kitasukumwa nyuma, maji yataingia mrijani, na baada ya dakika chache atalivua kwa hasira katikati ya maji. Ndiyo maana wageni hupewa fulana nyepesi ya kuelea, ambayo mara nyingi hupulizwa kwa mdomo kupitia kijibomba kilicho kifuani. Fulana hiyo isipopulizwa haibebi mtu. Hata ikipulizwa, haikuundwa kumgeuza chali aliyezimia. Sasa karatasi ikiviita vyote viwili "jaketi", mgeni anaamini ana kinga ileile mahali pote. Mimi navipa majina mawili tangu mstari wa kwanza, jaketi la safari na fulana ya kuelea, na sichanganyi hadi mwisho. Katika safari moja mama mmoja wa makamo alimwuliza nahodha, "Mwanangu, na hii ya pili itanigeuza nikizimia?" Akajibiwa, "La, mama, hii yakubeba tu. Kukuangalia ni kazi yangu." Katika yote yaliyosemwa asubuhi ile sikusikia lililozidi hilo.

Kuvaa kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Funga vifungo vyote, kaza mikanda, kisha mwenzako ashike jaketi mabegani alivute juu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni, ni kubwa mno au halijakazwa. Kwa mtoto, mkanda wa kupita katikati ya miguu ufungwe daima. Leso ifungwe chini ya jaketi, maana ikifungwa juu yake vifungo havifikiki. Na wale waliozoea vyombo vya ziwani, ambako jaketi hukaliwa kama mto, waambiwe waziwazi kwamba povu lililokandamizwa mara kwa mara hupoteza uwezo wake wa kuelea.

Kwenye ishara, tafsiri haitoshi kabisa, kwa sababu mikono yetu tayari ina lugha yake. Kidole gumba juu, hapa kwetu, ni "poa". Kwa wazamiaji maana yake ni "panda juu" au "namaliza". Ishara yao ya "niko salama" ni kidole gumba na cha shahada kuunganishwa kuwa duara, na mtu akiwa mbali juu ya maji, huinua mkono akagusa utosi kwa ncha za vidole. Kupunga mkono nako, ambako kwetu ni salamu, majini ni kuomba msaada. Mgeni akimpungia rafikiye chomboni ili apigwe picha, mwokoaji anapaswa kuruka. Wakipunga watatu wanne hivyo, mwokoaji anaanza kusitasita, na siku ya kweli hiyo sekunde anayositasita ni ghali. Kwa hiyo naandika hivi: "Ukiwa majini, mkono haupungwi kwa salamu wala kwa picha. Ukipunga, tunakuja kukutoa." Hapo nakubali kutumia katazo, kwa sababu linasemwa nchi kavu na kurudiwa kwa vitendo.

Lakini hata ishara ikifundishwa vizuri ina mpaka wake. Anayezama kwelikweli mara nyingi hawezi kupunga wala kupiga kelele. Mikono yake husukuma maji chini pembeni ili kinywa kipate hewa, kichwa kimelala nyuma, na ukimtazama kwa mbali utadhani amesimama tu majini. Kwa hiyo wajibu mkubwa uko kwa anayetazama: mwongozaji aguse utosi kuuliza, mgeni naye aguse utosi kujibu. Asipojibu, mwongozaji hasubiri ishara nyingine, anakwenda. Hili lazima mgeni alijue pia, kwa sababu mwenye aibu huona haya kuulizwa mara kwa mara, akapuuza. Akijua kwamba kunyamaza kwake kunahesabika kuwa kilio, atajibu.

Ombi langu kwa wenye majahazi linahusu mahali na wakati. Maelezo yatolewe gatini, injini ikiwa imezimwa, kabla mtu wa kwanza hajapanda. Na swali la "mmeelewa?" liondolewe, kwani sisi tukiulizwa hivyo mbele ya wengine hujibu "ndiyo" kwa adabu. Badala yake nahodha amteue mtu mmoja wa nyuma, tena kwa upole: "Mama, nionyeshe, ukiwa salama unafanyaje?" Kisha mwingine: "Nawe, ukitaka tukufuate?" Akiinua kidole gumba, kikundi kizima kirudie ishara zote upya, na jahazi lisubiri. Kurudia huko hakuzidi dakika tano, na maji ya Kisite hayaendi popote ndani ya dakika hizo.