Basi la mwisho halikisiwi

Jibu linaloniudhi kuliko yote kwenye chatboti za usafiri ni lile lililonyooka: "Basi la mwisho linaondoka saa 5:40 usiku." Dakika zimetajwa kamili, na sauti ni ya karani wa dirishani anayeijua kazi yake. Ukifungua jedwali la ratiba, safari ya saa 5:40 haimo wala haijawahi kuwamo. Modeli ya lugha imepitia ratiba nyingi, ikazoea kwamba mabasi ya mwisho huwa kwenye saa hizo, ikaandika tarakimu zinazofanana na ukweli. Na anayeuliza swali hilo ni mtu anayetaka kujua kama atalala nyumbani au atakesha kituoni.

Msiniambie dawa ni kushusha `temperature` hadi 0. Hapo modeli itakosea vilevile, ila itarudia kosa lilelile kila ikiulizwa. Wala si kubandika ratiba nzima kwenye maelekezo. Njia moja yenye vituo 30 na safari 60 kwa siku ni mistari 1,800, na katika mistari inayofanana kiasi hicho modeli huruka mmoja, au hujibu swali la Jumatatu kwa safari ya Jumamosi. Modeli iachiwe kazi mbili tu: kuelewa mtu anauliza kituo gani, mwelekeo upi na wakati gani, kisha kuandika sentensi ya jibu. Saa yenyewe itoke kwenye jedwali, na iingizwe ndani ya sentensi na programu, si kwa mkono wa modeli.

Hayo wengi wanakubali. Ninachogombania ni kinachofuata, kwa sababu wapo wanaounganisha jedwali, wanapumua, na chatboti yao inaendelea kuwaacha watu kituoni.

Chukueni kisa hiki. Ni saa 6:20 usiku wa kuamkia Jumapili. Mtu anaandika: "Bado kuna basi la kwenda mjini?" Saa ya seva inasoma 00:20 na tarehe imeshakuwa ya Jumapili. Programu inatafuta safari za Jumapili kuanzia 00:20, inapata ya kwanza 06:10, na chatboti inajibu kwamba basi linalofuata ni saa 12:10 asubuhi. Jibu limetoka kwenye jedwali kweli. Lakini dakika 15 baadaye basi linapita pale kituoni, na yule mtu ameshaondoka kwa miguu.

Kosa liko wapi? Ratiba nyingi huja kwa GTFS, muundo wa mafaili ya maandishi wa kubadilishana ratiba za usafiri, na ndani yake siku ya huduma haiishi saa sita usiku. Basi lililo kwenye ratiba ya Jumamosi likipita kituoni dakika 35 baada ya saa sita usiku, `stop_times.txt` huliandika `24:35:00`, na `calendar.txt` bado hulihesabu ni la Jumamosi. Anayetafuta kwenye Jumapili peke yake hatalipata kamwe.

Kwa hiyo swali lipelekwe kwenye jedwali mara mbili. Lakini kabla ya hapo, wakati wa kuingiza data, geuzeni kila saa kuwa sekunde tangu mwanzo wa siku ya huduma. Msiache saa zikiwa maandishi, maana `9:05:00` kama maandishi hupangwa baada ya `10:00:00`, na mabasi ya asubuhi yanapotea. Saa 00:20 ni sekunde 1,200. Kwa huduma za leo tafuteni kuanzia 1,200. Kwa huduma za jana tafuteni kuanzia 86,400 + 1,200, yaani 87,600.

```sql
SELECT st.departure_secs, t.trip_headsign
FROM stop_times st
JOIN trips t ON t.trip_id = st.trip_id
WHERE st.stop_id = :stop
  AND t.service_id IN (:services)
  AND st.departure_secs >= :secs
  AND COALESCE(st.pickup_type, 0) <> 1
ORDER BY st.departure_secs
LIMIT 3;
```

Basi letu la `24:35:00` ni sekunde 88,500, nalo litatoka kwenye utafutaji wa jana. Ondoeni 86,400, zinabaki 2,100, yaani 00:35. Changanyeni matokeo ya siku zote mbili, mpange upya, na la kwanza ndilo jibu. Ule mstari wa `pickup_type` unaondoa mabasi yanayoshusha tu bila kupakia. Orodha ya `:services` nayo isitoke kwenye `calendar.txt` peke yake: `calendar_dates.txt` ndiyo inayofuta huduma za sikukuu kwa `exception_type` 2 na kuongeza za ziada kwa 1.

Sasa saa yenyewe, na hapa nawasihi wanaotengeneza chatboti ya Kiswahili. Msiiachie modeli kugeuza 00:35. Mara itasema "saa 0:35", mara "saa 12:35 usiku". Fanyeni hesabu kwenye programu: chukueni saa ya tarakimu 24, ongezeni 6, gawanyeni kwa 12 na mshike baki, baki likiwa 0, andikeni 12. Hivyo 00:35 inakuwa saa 6:35 usiku, 20:00 inakuwa saa 2:00 usiku, na 18:10 inakuwa saa 12:10 jioni. Siku pia itajwe kama tunavyoitaja: "usiku wa kuamkia Jumapili". Ukiandika "Jumapili usiku", msomaji ataelewa usiku mwingine kabisa.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwenye kuelewa swali modeli inashinda kanuni zozote tunazoandika. Mtu akisema "basi la saa mbili", inajua kusubiri neno "asubuhi" au "usiku", na isipolipata iulize. Jina la kituo lililoandikwa vibaya inalitambua. Hata hivyo jina ililotambua lilinganishwe na `stops.txt`, na vikitokea vituo viwili vya jina moja, mtu aulizwe anasimama upande upi wa barabara.

Hatari kubwa iko pale jedwali linaporudi tupu. Hapo ndipo kumbukumbu ya modeli hupenya, kwa sababu imeombwa saa na haikupewa. Jibu la utupu liandikwe na programu, na liwe la aina mbili. Kama tarehe ya leo imepita `end_date` za huduma zote na hakuna siku iliyoongezwa, ratiba imekwisha muda, na chatboti iseme kwamba haina ratiba mpya. Kama ratiba ni hai na hakuna safari iliyobaki, iseme hakuna basi tena, na itaje la kwanza la asubuhi.

Kujua kama kumbukumbu inapenya ni rahisi. Tengenezeni nakala ya jedwali ya majaribio, sogezeni kila saa mbele kwa dakika 7, kisha ulizeni maswali yaleyale 50 mliyouliza kwenye jedwali halisi, mkiigandisha saa ya seva ili "sasa" iwe ileile. Swali la mabasi yanayofuata linaweza kuleta basi lililokuwa limeshapita, kwa hiyo msilinganishe kwa macho. Linganisheni kila saa iliyotajwa na kile ambacho nakala yenyewe inarudisha kwa swali hilo. Kisha futeni safari zote za kituo kimoja na muulize habari zake. Saa yoyote itakayotajwa hapo, hata moja, ina maana kwamba sentensi ya jibu bado inaandikwa tarakimu na modeli, na chatboti hiyo haijawa tayari kuwekwa mbele ya abiria.