Maua madogo au maduara makubwa: kitenge mwilini na kitenge kwenye picha

Swali: "Tunashona sare ya sendofu ya mdogo wetu. Mimi ni saizi 20, yeye saizi 8. Kamati imeleta vitenge viwili, kimoja maua madogo madogo, kingine maduara makubwa. Fundi anasema mnene avae makubwa na mwembamba madogo, dada yetu anasema hayo mambo ya zamani. Tunataka picha zitoke vizuri, tuchukue kipi?"

Dada, fundi wako hajakosea ila amesema nusu, na dada yenu naye ana hoja, sasa ngoja tuzipime zote mbili.

Tuanze na fundi. Anachosema kina msingi, jicho letu halipimi kitu peke yake, linapima kwa kulinganisha na kilicho karibu. Kuna mchezo wa macho unajulikana kwa jina la Ebbinghaus, mwanasaikolojia Mjerumani: unachora duara, ukilizungushia maduara madogo linaonekana kubwa, ukilizungushia makubwa linaonekana dogo, na duara ni lile lile. Mafundi wameliona hilo kwenye nguo bila kusoma popote, maua ya sentimita 2 yakienea kwenye mwili mpana jicho linapata kipimo kidogo sana cha kuanzia, linaanza kuhesabu maua kutoka ubavu huu mpaka ule na upana unaonekana zaidi. Ua kubwa kwenye mwili huo huo linaonekana limepata mahali pake. Na kwa mtu mdogo kinyume chake, dude likiwa kubwa mno linammeza, unaona kitenge kwanza ndo unamtafuta aliyekivaa.

Lakini mchezo ule ni wa maduara kwenye karatasi, mwili una kifua, tumbo, hipsi, una kivuli, unageuka. Na kanuni za mavazi zimeshawahi kurithiwa kwa miaka huku haziko sawa. Ile ya kusema mistari ya kulala inanenepesha, mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York kule Uingereza waliipima, wakakuta kwenye michoro yao mistari ya kulala haikumfanya mtu aonekane mpana, ile ya kusimama ndo ilimwongezea kidogo. Kwa hiyo dada yenu akikataa kufungwa na kanuni kwa sababu tu ni ya siku nyingi, anastahili kusikilizwa.

Alafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hawaulizi, nani kasema kila mnene anataka kuonekana mwembamba? Kanuni yote hii imejengwa juu ya hilo. Kwetu kuna wanawake wengi wanaoupenda mwili wao ulivyojaa na wanataka sendofu iuonyeshe, na ukiwa wa hivo basi unageuza, dude kubwa linawekwa makusudi pale unapotaka watu watazame. Mwambie fundi unataka nini kabla hajashika mkasi, asikukisie.

Sasa nije kwenye picha, maana umeuliza picha, na hapa ndipo wote wawili, fundi na dada, wameruka kitu. Ukubwa wa ua ulioupenda dukani sio ukubwa utakaotoka kwenye simu. Chukua mtu wa sentimita 160 amepigwa picha ya mwili mzima, simu imesimama, kwenye kioo anatokea kama na sentimita 12. Yaani kila kitu kimepungua kama mara 13. Ua lako la sentimita 2 limebaki milimita 1 na nusu, duara la sentimita 26 limebaki sentimita 2. Sasa hiyo ni picha ya mtu mmoja. Mkijipanga watu 8, picha imelala na mtu anaiangalia simu ikiwa imesimama, kila mmoja anabaki na urefu wa sentimita 3 na nusu hivi, na ua dogo halifiki hata nusu milimita. Hapo hakuna ua tena, kuna rangi tu, na picha ikishatumwa Wasapu ikabanwa inakuwa kijivu kijivu fulani au rangi iliyochafuka. Chapa ndogo iliyokaa kwa mistari iliyopangika sana ni mbaya zaidi, inaweza kutoa mawimbi mawimbi ambayo hayapo kwenye kitambaa. Lile duara kwenye picha hiyo hiyo ya kundi linatoka milimita 6 hivi, kwa mtazamaji limekuwa ua la kawaida tu, linasomeka na sare inaonekana ni sare.

Geuza sasa upige picha ya kuanzia kifuani kwenda juu, ile ya kuweka profaili. Hapo picha imesogea, ua dogo linatoka milimita 4, safi, linaonekana petali zake. Duara la sentimita 26 linatoka kama sentimita 5, kubwa kuliko uso wa mvaaji, na likiwa limekaa chini tu ya kidevu linagombania macho na uso. Kwa hiyo swali la makubwa au madogo lina jibu mbili kwa mtu yule yule siku ile ile, kutegemea mpiga picha amesimama wapi.

Tuweke vipimo vya miili yenu tuone. Wewe saizi 20, kifua tuseme sentimita 120, mbele kutoka mshono wa ubavu mpaka ubavu ni 60. Mdogo wenu saizi 8 kifua 84, mbele ni 42. Duara la 26 kwake linachukua zaidi ya nusu ya kifua, likikaa katikati linabaki peke yake na vipande pembeni, kwa mtu mdogo hilo kwa kweli linaweza kupendeza sana kwa sababu ni dude moja limekaa zima, halijakatwa katwa. Hapa naachana na fundi kabisa, mwembamba kuvaa kubwa sio kosa, kosa ni kubwa lililokatwa vibaya likabaki robo huku na nusu kule.

Kwako wewe kwenye sentimita 60 yanaingia mawili, na hapa ndo pa kuogopa. Fundi akikunja kitambaa bila kuangalia, mstari wa katikati ukaangukia kwenye nafasi kati ya duara na duara, basi duara moja linakaa titi la kulia na lingine la kushoto. Hata kama kipimo cha chapa kinaendana na mwili wako kama kanuni inavyotaka, kwenye picha watu hawataona kitu kingine. Nyuma hivo hivo kwenye makalio. Tatizo hapo sio ukubwa wa duara, ni mahali lilipotua, na hili naliona linaharibu sare nyingi kuliko ukubwa wenyewe. Dawa yake ni kukata kila kipande peke yake kitambaa kikiwa kimefunguliwa, unasogeza karatasi ya kukatia mpaka duara moja lipande juu bega moja na lingine lishuke hipsi ya upande wa pili, au kifua kinakatwa kwa kitambaa cha rangi moja na maduara yote yanapelekwa kwenye sketi chini ya goti.

Kuna njia pia ya kupunguza ukubwa wa chapa bila kubadili kitambaa. Ukikusanya marinda, upana wa mara mbili unabanwa ukae kwenye upana mmoja, duara linaingia kwenye mikunjo na linaonekana kama nusu yake, kwa hiyo sketi ya marinda ya duara kubwa kwenye picha inasomeka chapa ya kati. Ila marinda yanaongeza unene kiunoni, hiyo ndo gharama yake, mwenye tumbo aanzie marinda chini kidogo ya kiuno. Kukata vipande virefu vya kusimama nako kunavunja dude. Kitu cha kukwepa ni chapa ya duara kwenye kitambaa cha kuvutika kikabana, pale hipsi inapojaa duara linavutwa linakuwa yai, na yai hilo linamwambia mtazamaji ni wapi hasa nguo imezidiwa. Kitenge cha pamba hakina shida hiyo, ila magauni ya kuvutika ya maua makubwa yanayo.

Jambo moja linazidi ukubwa mara nyingi: tofauti ya rangi. Duara jeupe juu ya bluu iliyokolea linapiga kelele hata likiwa la sentimita 10. Duara la sentimita 26 la maruni juu ya zambarau linatulia. Piga picha vitenge vyote viwili uzigeuze ziwe nyeusi na nyeupe, kile ambacho dude lake bado linaruka ndo chenye kelele, kile kilichoyeyuka kitakuwa kipole mwilini hata kama ni kikubwa.

Kwa sare yenu mimi ningechukua maduara, kwa sababu sare inapigwa picha za kundi kuliko kitu kingine na maua ya sentimita 2 yatapotea kabisa. Ila kwa sharti la kwamba rangi ziwe zinakaribiana na fundi akubali kukata kipande kipande. Kama fundi mnayemtumia ana nguo 20 za kumaliza ndani ya wiki na atakunja kitambaa akate mbili mbili, chukueni maua madogo, yatawasamehe kila mkato, na mpiga picha aambiwe asogee apige wawili wawili.

Kabla kamati haijalipa, fanyeni hivi: wewe na mdogo wenu mjifunge kila kitenge kama khanga, mtu asimame hatua 4 hivi apige, alafu mpunguze picha mpaka iwe ya kidole gumba. Kama kitenge mmekiona kwenye picha ya muuzaji tu, hesabuni madude kwa upana kutoka kingo mpaka kingo yenye maandishi ya kiwanda, upana wa vitenge vingi ni kama sentimita 115 mpaka 120, kwa hiyo yakiwa 4 kila moja pamoja na nafasi yake ni karibu sentimita 29. Na kwa maduara ongezeni kitambaa, kila anayetaka duara litue mahali fulani atapoteza mpaka urefu wa duara moja kwenye kila kipande anachopanga, wewe mwenye saizi 20 na gauni refu usikubali kugawiwa yadi sawa na mdogo wako.