Homa ya Bonde la Ufa: mbuzi mgonjwa asiwahiwe kwa kisu

Mto Tana ukifurika, huku Malindi na Lamu mazungumzo huwa ni vyandarua. Ni sawa, maana homa ya Bonde la Ufa huanza na mbu: mayai yenye kirusi hulala miaka ndani ya udongo mkavu wa mabonde, maji yakituama yanaanguliwa. Lakini ukiniuliza mimi, binadamu wengi huponzwa na damu ya mnyama. Mlipuko ulioanza mwisho wa 2006 uligusa Garissa, Tana River mpaka Kilifi, na waliochinja, waliochuna na waliozalisha mifugo ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Dalili ya kwanza huonekana zizini. Mbuzi au kondoo wengi wanatupa mimba kwa pamoja, na vitoto vinakufa. Mmoja akianza kulegea, mwenyewe huona bora amuwahi kwa kisu asije akawa kibudu, nyama ikapotea. Hapo ndipo balaa lilipo. Mnyama huyo damu yake imejaa kirusi. Ikimwingia mchinjaji kwenye mchubuko, au ikamrukia machoni, imetosha. Uhalali wa nyama haumkingi mtu na ugonjwa. Mwache, zuia watoto, mwite afisa wa mifugo. Mimba iliyotupwa na kondo lake visishikwe kwa mikono mitupu. Vizikwe kina ambacho mbwa hafukui, mbali na kisima. Kwenye mchanga wetu maji yako karibu.

Damu ikishamwagika sakafuni, wengi humimina jiki juu yake wakaondoka. Haifanyi kazi, damu huimaliza nguvu dawa. Vaa glavu, futa damu kwanza, kisha changanya kikombe kimoja cha jiki ya asilimia 3.5 na vikombe sita vya maji, mwaga, iache dakika kumi ndipo uoshe. Mchanganyiko wa jana umeshapungua nguvu, tengeneza mwingine. Mikono ni sabuni na maji tu.

Maziwa yachemke mpaka yafure, hata yale ya kugandisha. Nyama iive mpaka ndani.

Homa huja siku ya 2 hadi ya 6 baada ya kuambukizwa, na mwanzoni hufanana na malaria. Wengi hupona wenyewe. Wachache hutokwa damu kwenye fizi au puani, hutapika damu, au macho huwa manjano; hao ni wa kukimbizwa hospitali. Ukifika, mwambie daktari kwamba uligusa mnyama, la sivyo utapimwa malaria urudishwe nyumbani. Kwa maumivu meza parasetamoli, si aspirini wala diklofenaki, maana hizo huzidisha kutoka damu. Macho yakiingia ukungu wiki moja hadi tatu baadaye, rudi hospitali.

Na mgonjwa asitengwe kama mwenye Ebola. Haijathibitishwa kwamba homa hii humtoka mtu ikampata mwenzake. Anayemuuguza avae glavu anapogusa damu, na mgonjwa alale ndani ya chandarua ili mbu wasichukue kirusi kwake.