Namna Nilivyomzimisha Binamu Yangu kwa Kiswahili Sanifu

Kwa kuwa binamu yangu mdogo amekwisha kuwasimulia nusu ya ukoo kwamba nilimtangaza kaka yake kuwa marehemu, naona ni haki yangu nami nieleze jambo lilivyokuwa. Sikumtangaza marehemu. Niliandika kwamba amezimika, na tofauti hiyo, ingawa wazee hawakuiona, mimi bado ninaishikilia kwa vidole vyote kumi.

Mnaonifuatilia mnajua kwamba kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, na ndiyo sababu ukoo ulinikabidhi kazi ya kumfasiria Babu ujumbe wa vijana. Babu ni mwalimu mstaafu. Barua yenye kosa huirudisha kwa mwandishi ikiwa na wino mwekundu, na ujumbe wa lugha ya mitaani hausomi kabisa. Kazi hiyo niliifanya kwa mwaka mzima bila doa. Kijana mmoja alipoomba atumiwe “buku kumi”, mimi ndiye niliyeandika shilingi 10,000, la sivyo mzee wa watu angekuwa anatafuta gunia la kupakia panya buku kumi. Nilivimba kichwa tangu siku hiyo.

Wiki iliyopita binamu yangu mdogo, anayeishi Dar es Salaam na kaka yake, akaniletea huu, nao ninaunakili kama ulivyokuja:

“Oya, mwambie Babu bro kazimika mazima kwa nesi mmoja, hachomoki. Mshua mwanzo alimaindi ila sasa kakausha. Maza freshi. Babu atie timu na wazee, mkwanja sio noma, tutajichanga. Ila asichonge sana kwa watu.”

Ninyi nyote mmeelewa. Kaka mtu amempenda muuguzi mmoja kupita kiasi, hawezi tena kujinasua, na familia inamtaka Babu aje na wazee wapeleke posa. Nami nilielewa vilevile, tena mara moja, na hapo ndipo msiba ulipoanzia.

Nilifanya kama nilivyozoea. Nilipitia ujumbe neno kwa neno, nikawinda kila neno ambalo Babu hangelikuta katika kamusi yake. Mshua nikamfanya baba, maza nikamfanya mama, kumaindi kukawa kukasirika, mkwanja ukawa fedha, nesi nikampandisha cheo akawa muuguzi. Nilipofika kwenye “kazimika” sikuona cha kuwinda, kwa sababu kuzimika ni neno la Kiswahili safi ambalo hata taa hulitumia. “Hachomoki” nalo ni Kiswahili. “Kakausha” ndilo lililonisumbua kidogo, si kwa maana yake, bali kwa sarufi yake, maana ni kitenzi cha kutendesha ambacho hakikuwa na yambwa. Amekausha nini? Nguo? Mahindi? Mtaani, kukausha ni kunyamaza na kuliacha jambo lipite, lakini mkono wa msahihishaji haukuvumilia kuona kitenzi kimesimama peke yake, nao ukakirudisha kwenye kauli inayojitegemea: amekauka.

Kisha nikapamba salamu, maana kijana hakuwa ameamkia, nikautuma kwenye simu ya Babu ya kubonyeza:

“Shikamoo Babu. Kwa heshima kubwa tunakuarifu kwamba mjukuu wako mkubwa amezimika kabisa kwa muuguzi mmoja, wala hachomoki. Baba yake hapo mwanzo alikasirika, lakini kwa sasa amekauka. Mama ni mzima. Unaombwa ufike pamoja na wazee. Kuhusu fedha usiwe na wasiwasi, sote tutachanga. Tafadhali usiwaeleze watu wengi kwa sasa.”

Niliusoma mara mbili nikaona hauna kosa. Hata sasa nikiutazama, hauna kosa la sarufi hata moja, na yeyote anayeweza kulionyesha ajitokeze.

Nusu saa baadaye simu ikaita. Babu aliongea taratibu sana, na nyuma yake kulikuwa na ukimya wa watu wengi, ule ukimya ambao mtu hujua kwamba sauti ya simu imefunguliwa ili wote wasikie. Nilifurahi. Nilidhani wamekusanyika kwa furaha ya posa.

“Mjukuu wangu,” akasema, “jambo hili lilianza lini?”

“Lilianza taratibu, Babu, tangu mwaka jana,” nikamjibu kwa uchangamfu. “Alikuwa akijificha tu. Juzi ndipo alipozidiwa.”

“Na huyo muuguzi anasemaje?”

“Anasema atakuwa naye hadi mwisho.”

Nikasikia mtu akivuta pumzi. Nikajua ni bibi, nikadhani ameguswa na mapenzi.

“Hakuna daktari hapo?”

Hapa naomba mnihurumie. Ni kweli kwamba daktari alikuwapo. Kulikuwa na daktari mmoja aliyemtaka muuguzi huyo huyo, na kisa hicho binamu alikuwa amenisimulia kwa kirefu, kwa hiyo nilishangaa tu namna habari zilivyomfikia Babu haraka.

“Alikuwapo, Babu. Alijaribu sana, lakini akapigwa chini.”

“Akapigwa na nani?”

“Na muuguzi mwenyewe.”

Kimya. Kisha Babu, kwa sauti ya mtu aliyefundisha miaka mingi na kudhani amekwisha kusikia kila kitu: “Muuguzi amempiga daktari?”

“Mchana kweupe, Babu!” nikasema, nikacheka. Ndugu zangu, nilicheka. Kicheko hicho kilisikika katika sebule nzima ya wazee, na shangazi ananiambia kwamba ndicho kilichowauma kuliko yote.

“Na baba yake,” Babu akaendelea, “amekauka tangu lini?”

“Tangu Jumapili. Mama humsemesha, lakini hajibu.”

“Mama yake bado anamsemesha?” Kisha akageuka pembeni, nikamsikia akimwambia mtu kwa sauti ya chini, “Maskini, amechanganyikiwa.”

Mimi nilidhani anayesemwa ni mjomba. Niliendelea. Babu akauliza shughuli itakuwa lini, na hebu tazameni uonevu wa lugha yetu: shughuli ni ya harusi na ni ya msiba, tena zote mbili zina kamati, michango, maturubai na masufuria ya kuazima, kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuzipanga kwa dakika kumi nzima, mmoja akiwa arusini na mwenzake makaburini, na wasipishane hata mara moja. Tulikubaliana juu ya turubai. Tulikubaliana juu ya masufuria. Nikamhimiza asichelewe.

“Tunataka iwe mapema, Babu, kwa sababu wa upande wa pili wamekwisha kujiandaa kutupokea.”

“Kutupokea sisi?”

“Sisi sote, Babu. Na wewe ndiye wa kwanza.”

Simu ikakatika. Nilidhani salio limeisha.

Yaliyofuata sitayarefusha, maana binamu ameyasimulia kwa ziada ya kutosha. Wazee saba walipanda basi la alfajiri. Shangazi wawili walijifunga kanga za msiba. Jioni walibisha hodi, na aliyewafungulia mlango ni yule aliyezimika mwenyewe, akiwa na mswaki mdomoni. Shangazi mmoja alizimia palepale, naye ndiye mtu pekee aliyezimia katika kisa hiki chote kwa maana ya kwenye kamusi. Mjomba alitoka chumbani kuona kelele ni za nini, akiwa hajakauka popote. Mimi nilikuwa nimezima simu. Naam, nimelitumia neno hilo tena, na ninajua.

Nimekuwa nikiurudia ujumbe ule usiku, na sasa ninaona nilichokosea. Maneno ya mtaani yanayotisha kwa sura, kama mkwanja na mshua, hayana madhara yoyote kwa mzee, kwa sababu akiyakuta atasimama na kuuliza. Yanayoangamiza ni yale aliyoyajua tangu utotoni: kuzimika, kukausha, kuchomoka, kupigwa chini. Hayo hayamsimamishi. Anapita nayo kwa kujiamini hadi kituo cha basi. Na mfasiri naye hayaoni, kwa kuwa ameyazoea mno kwa maana ya mtaani hata hakumbuki kwamba yalikuwa na nyingine. Nami niliyaondoa yote yaliyotisha, nikamwachia Babu yale ya hatari tu, yakiwa yamepigwa pasi.

Tena kulikuwa na lile la salamu. Kijana aliandika kwa mzaha, na mzaha ule ndio uliokuwa ukimwambia msomaji kwamba hakuna aliyekufa. Nilipouondoa na kuweka “kwa heshima kubwa tunakuarifu”, nilikuwa nimeshaandika tanzia kabla hata ya kufika kwenye kitenzi.

Hata “Maza freshi” nililikosea. Niliandika kwamba mama ni mzima, ilhali hakuna aliyeuliza afya yake. Maana yake ilikuwa ameridhia. Lakini katika ujumbe wenye mmoja aliyezimika na mwingine aliyekauka, mama mzima alisomeka kama manusura.

Nimeuandika upya, nikaanza na jambo lenyewe ili kila kitenzi kinachofuata kipate pa kushika: “Shikamoo Babu. Hii ni habari njema ya posa. Mjukuu wako mkubwa anampenda sana dada mmoja ambaye ni muuguzi, na hana nia ya kumwacha. Baba yake alikasirika mwanzoni, lakini sasa amenyamaza na hapingi tena. Mama ameridhia. Tunakuomba uje na wazee mtuongoze. Gharama tutachangiana. Tunaomba jambo hili lisitangazwe kwanza.” Pale penye “hapingi tena” nililazimika kumpigia binamu simu, kwa sababu aliyekausha anaweza kuwa amekubali, na anaweza pia kuwa amenuna tu, na ujumbe peke yake hausemi ni lipi. Binamu alinijibu, lakini kwanza alicheka kwa dakika mbili.

Ujumbe huo mpya haukuhitajika, kwani wazee walikuwa wamekwisha kufika, na kwa kuwa walikuwa wamefika waliamua kupeleka posa wiki hiyo hiyo. Walikubaliwa. Babu amenirudishia ujumbe wangu wa kwanza akiwa ameunakili kwenye karatasi kwa mkono wake. Ameupigia mstari mwekundu kuanzia shikamoo hadi nukta ya mwisho, na pembeni mwa “amezimika” ameandika: “Amependa. Silabi nne.”

Barua ya posa aliiandika binamu mdogo, Babu akimtajia neno kwa neno. Mimi nilitumwa kununua bahasha.