Mkono Niliounyoosha Getini

Jamani, huyo aliyewaambia kwenye grupu kwamba nimegawa siti ya ndege kama mtu anayempisha bibi kwenye daladala hajadanganya sana. Ila utamu kauacha.

Tiketi yangu ya Frankfurt iliandikwa leyova ya saa 6. Nikamwambia mama ndege ya pili inaruka saa sita usiku. Kumbe ni saa sita za kukaa uwanja wa katikati ukiisubiri hiyo ndege. Mama akanifungia chapati kumi. (Ziliishia Dar, msiniulize.)

Kodisheya ndiyo iliyoniponza. Nilipanga foleni dakika 50 kwenye kaunta ya kampuni iliyoniuzia tiketi. Nafika, dada ananiambia, "Kaka, sisi tumekuuzia tu. Anayerusha ni wale pale." Ni kama ukate tiketi kwa basi hili upandishwe la mwenzake. Chini ya namba ya safari, kwa herufi za sisimizi, palikuwa pameandikwa "Operated by". Jina linalofuata hapo ndilo la kutafutia foleni. Nikakimbia na sanduku lenye gurudumu moja.

Nilipofika, siti zilikuwa zimeisha. Nikapewa kadi isiyo na namba ya siti: "Utapewa getini." Nikajua wananitafutia ya dirishani! Wenzangu walikuwa wamejichagulia siti mtandaoni tangu jana yake.

Sasa getini. Dada akashika kipaza sauti, akamwaga Kiingereza cha haraka. Nikadaka "seat" tu. Nikatazama kulia, watu wanasoma viatu vyao. Kushoto, mzee mzima kajifanya kasinzia. Ilikuwa kama darasani mwalimu akiuliza nani afute ubao. Nikasema moyoni, wanauliza nani hana siti, mimi hapa. Nikanyoosha mkono. Juu kabisa, kidole kimesimama.

Dada akatabasamu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniambia, "Mungu akuzidishie, baba." Nikaitikia amina kwa sauti.

"Asante kwa kujitolea," dada akasema, akanipa karatasi.

"Ya dirishani?"

"Hii ni ya hoteli, kaka. Siti umeitoa."

Ndiyo ovabukingi hiyo. Wanauza tiketi kuzidi siti kwa kuwa kila safari kuna wasiotokea. Siku wote wakitokea, huomba kwanza wa kujitolea kubaki, kwa malipo ya kupatana. Kupatana! Aliyejitolea baada yangu aliuliza atapewa nini, atalala wapi, ndege yake ya pili itakuwaje. Akaondoka na hela. Mimi nilikuwa nimeshaitikia amina.

Yule mama akapanda, akanipungia mkono.

Kesho yake nikasafiri, nikafika, basi. Ila usiku ule mama alipiga simu nikiwa hotelini, dakika ishirini kutoka nyumbani.

"Mwanangu, baridi ya Ulaya ipo?"

Nikatazama kiyoyozi. "Kali, mama."