Usiangalie idadi ya majibu tu unapochagua fomu ya mtandaoni

Watu wengi wakitafuta huduma ya fomu swali lao la kwanza ni moja, napata majibu mangapi kwa mwezi bure? Mi naona hapo ndo tunapopigwa, kwa sababu namba hiyo imeandikwa kwa herufi kubwa halafu kinachokubana kiko chini kabisa ya ukurasa wa bei.

Chukua mfano wa kamati inayokusanya maombi ya ufadhili wa karo, waombaji 400, kila mmoja anapakia picha ya kitambulisho na ya matokeo, na picha ya simu tuseme ni MB 2, kwa hiyo kila mtu ni MB 4. Jotform ya bure inatoa majibu 100 kwa mwezi na nafasi ya MB 100. Piga hesabu, nafasi inajaa kwa mtu wa 25, yaani robo tu ya hayo majibu 100!

Basi unahamia Google Forms, majibu hayana kikomo cha mwezi, safi. Ila ukiweka swali la kupakia faili, mwombaji lazima aingie na akaunti yake ya Google, na yule mwanafunzi anayetumia simu ya mama yake atakwama hapo au ombi litakuja na jina la mama. Halafu fomu yenyewe imewekewa GB 1 ya faili zote usipobadilisha kwenye mipangilio, yaani kwa mtu wa 250 hivi inaacha kupokea, na we unadhani watu wamechoka kuomba. Ipandishe kabla hujatuma linki, na kumbuka zinakaa kwenye Drive yako, zile GB 15 unazogawana na barua pepe na picha zako.

Kupeleka waombaji wa sekondari kwenye maswali yao na wa chuo kwenye yao, Google Forms inawezesha bure pia, ila ni kwa swali la kuchagua jibu moja tu. La kutiki majibu mengi halitakupeleka popote, so lipange mapema.

Sasa kutoa majibu nje, hapa ndo nakasirika. SurveyMonkey ya bure haikuruhusu kudaunilodi, na majibu yakizidi kiwango inaendelea kuyapokea ila inakufichia mpaka ulipe. Kwangu hiyo ni mbaya kuliko fomu inayojifunga, maana ikifunga mtu atakupigia simu kulalamika, lakini ikificha yeye anajua ameshaomba na we hujui kama yupo.

Kwa hiyo kabla hujaisambaza kwenye magrupu, jaza mwenyewe majibu matatu yenye faili, daunilodi CSV, yaani faili la jedwali lenye majibu yote, ulifungue. Kwenye safu ya faili utakuta linki tu, picha zenyewe hazimo, so jaribu hizo linki ukiwa umetoka kwenye akaunti. Zisipofunguka, wenzako wa kamati nao hawataona kitu, na itabidi uwape ruhusa ya folda nzima.