Desayunamos au hemos desayunado: karatasi moja ya Kihispania, wasahihishaji wawili

"Mwalimu, mimi ni mwongoza watalii hapa Malindi, Kitaliano nakijua, sasa najifunza Kihispania. Nimefanya karatasi ya kujaza nafasi nikapata 4 kwa 8. Mgeni wangu wa Meksiko akaiangalia akasema nina 7. Nani kanidanganya?"

Hakuna aliyekudanganya ndugu yangu, ila wamekusahihisha kwa kanuni mbili tofauti na karatasi yenyewe haikusema inafuata ipi. Nimeiweka hapa vile ulivyonitumia ili wengine pia waone, mabanoni ni kitenzi cha kubadilisha, na mbele ya mshale ni jibu la karatasi kisha lako.

1. Ayer ___ (yo, llegar) a Malindi. → llegué / wewe: he llegado
2. Esta mañana ___ (nosotros, desayunar) mahamri. → hemos desayunado / wewe: desayunamos
3. ¿___ (tú, estar) alguna vez en Lamu? → has estado / wewe: has estado
4. Vasco da Gama ___ (llegar) a Malindi en 1498. → llegó / wewe: llegó
5. El barco todavía no ___ (salir). → ha salido / wewe: ha salido
6. ¿Ya ___ (tú, comer)? → has comido / wewe: comiste
7. ___ (yo, ver) a tu madre. → he visto / wewe: vi
8. La semana pasada ___ (ellos, ir) a Watamu. → fueron / wewe: fueron

Kihispania kina njia mbili hapa, kuna umbo la neno moja (llegué, comí, vi) na kuna umbo la maneno mawili linaloanza na haber (he llegado, he comido, he visto). Yote mawili yanasema jambo lilishatokea, ugomvi ni lini unatumia lipi.

Aliyetunga karatasi yako anafuata Kihispania cha Madrid, na mtu wa Madrid swali lake ni moja tu, je, ule muda ninaoutaja umeisha ama bado tuko ndani yake? Jana imeisha, wiki iliyopita imeisha, 1498 ndio usiseme, kwa hiyo neno moja. Leo haijaisha, wiki hii haijaisha, mwaka huu haujaisha, kwa hiyo maneno mawili. Ndio maana namba 2 anataka "hemos desayunado" hata kama sasa ni saa kumi jioni na mahamri mliyakula saa moja asubuhi, maana asubuhi ile bado ni ya leo.

Sasa mgeni wako wa Meksiko haulizi kuhusu muda, anauliza kuhusu kitendo. Chai imenyweka, mahamri yameliwa, vyombo vimeoshwa, basi kitendo kimefungwa, "desayunamos" na hana shida kwamba ilikuwa leo. Maneno mawili anayaweka kwa jambo lililo wazi bado, ambalo linaendelea au linaweza kutokea wakati wowote. Chukua mfano huu uone tofauti vizuri, ni saa nne usiku na kuna mteja aliyetakiwa kuja leo kwa safari ya mashua na hakutokea kabisa. Mtu wa Madrid atasema "hoy no ha venido" kwa sababu leo bado ni leo. Wa Meksiko atasema "hoy no vino", hakuja, mambo yameisha. Lakini ikiwa ni saa tatu asubuhi na mnamsubiri bado, wote wawili watakwambia "todavía no ha venido", hajaja bado. Kwa hivyo namba 5 yako ya mashua haikuleta ubishi popote kati yao, na namba 3 pia.

Na hapa ndipo Kiswahili chetu kinakusaidia kuliko unavyodhani. Ukiona "bado" pamoja na -ja- (haijaondoka bado), nenda maneno mawili. Ukiona "umewahi kufika Lamu?", nenda maneno mawili. Hizo mbili ulizipata bila kuhangaika na mimi naamini ni Kiswahili kilichokubeba. Hata ile "desayunamos" ya asubuhi leo nadhani imetoka huko huko, maana sisi hatuoni shida kusema "leo asubuhi tulikula mahamri", ile -li- yetu haijali siku imeisha au haijaisha, kwa hilo tumekaa karibu na Meksiko kuliko Madrid.

Lakini namba 1 ndio inaniuma, kwa sababu hiyo peke yake mgeni wako pia aliikataa, na ndio kosa ambalo nalisikia kila siku kwa vijana wa baharini hapa. "Ayer he llegado". Limetoka wapi? Limetoka sehemu mbili zikakutana. Ya kwanza ni Kitaliano chako, maana wageni wetu wa Kitaliano wanasema "ieri sono arrivato" na hakuna ubaya kwao, maneno mawili na jana vinakaa pamoja vizuri, halafu wewe miaka yote umezoea hivyo. (Na angalia usije ukabeba na ile essere yao, Kihispania hakina "somos llegados", ni haber tu kwa vitenzi vyote, "hemos llegado", na llegado haibadiliki hata wakiwa wanawake kumi.) Ya pili ni Kiswahili chenyewe. Mtu akikuuliza "umekuja lini?" unamjibu "nimekuja jana", sivyo? Ni sawa kabisa kwetu, kwa sababu -me- inasema nimekuja na bado niko hapa unaniona. Kihispania cha mtihani hakikubali hivyo, ukishataja ayer hata kama mtu bado amesimama mbele yako na begi lake ni "llegué ayer", na swali ni "¿cuándo llegaste?". Kwa hivyo unapoiona -me- kichwani mwako usikimbilie haber, tafuta kwanza kama kuna jana, juzi, mwaka fulani au wiki iliyopita kwenye sentensi.

Haya turudi kwenye ubishi wenyewe, je, mwalimu alikosea kukupiga kosa namba 2 na 6?

Mimi ni mwalimu na upande wake naujua. Mwanafunzi wa miezi mitatu ukimwambia hii sawa na hii sawa, hajifunzi kuchagua, anaandika chochote na anapata tiki. Kanuni ya Madrid inafundishika kwa sababu alama zake zinaonekana kwenye sentensi, hoy, esta semana, este año upande huu, ayer, el mes pasado, en 1498 upande ule, unaweza kuichora ubaoni kwa dakika tano. Ile ya Meksiko inataka usikie kitendo kimefungwa au kiko wazi, na hilo halishikiki haraka kwa mtu ambaye hajakaa na wenyewe. Kuna na jambo lingine dogo la usahihishaji ambalo watu hawalioni, "desayunamos" kwa vitenzi vya -ar ni umbo lile lile la wakati uliopo, tunakula chakula cha asubuhi ama tulikula, huwezi kutofautisha kwa macho. Kwa hiyo mwalimu akiliona jibu lako hajui kama ulichagua au ulisahau kubadilisha, na sentensi ile kwa mtu anayetaka kupima chaguo lako imetungwa vibaya, angeweka "yo" tukaona "desayuné" au "he desayunado" tukamaliza.

Upande wa pili nao una uzito, na kwangu mimi ni mzito zaidi. "¿Ya comiste?" si Kihispania cha kuvunjika, ndivyo mamilioni ya watu wa Meksiko wanavyoulizana kila siku, na kumpiga kosa mtu aliyesema hivyo ni kumfundisha kwamba mgeni wake hajui lugha ya mamake. Hata Hispania yenyewe haijakubaliana, nenda Galisia au Asturiasi au visiwa vya Kanari utawasikia wakipendelea neno moja hata kwa mambo ya leo, na Buenosi Airesi wao hata ile mashua ya namba 5 wangesema "todavía no salió". Kinyume chake ukienda Bolivia maneno mawili yanatumika kwa wingi. Na kama unaogopa mtihani, ule wa DELE wa Instituto Cervantes unakubali Kihispania sanifu cha nchi yoyote, kwenye kusikiliza utakutana na lafudhi za Amerika pia, wanachotaka ni usiruke ruke kutoka kwa huyu hadi kwa yule ndani ya insha moja.

Kwa hivyo mimi ningeiacha karatasi hiyo hiyo, ila majibu yake yangekuwa na safu mbili, Madrid na Meksiko, na juu kabisa mwanafunzi anaandika anafuata ipi kabla hajaanza. Haimgharimu mwalimu chochote, maana kati ya sentensi nane safu hizo zinaachana kwa mbili tu, ya 2 na ya 6. Ukiandika juu "Meksiko" halafu namba 2 ukaweka "hemos desayunado", hapo ndio nakuondolea alama, si kwa sababu hawatakuelewa bali kwa sababu hujashika njia uliyoichagua.

Namba 7 haimo kwenye ubishi wa nchi kabisa, imetungwa vibaya tu. "Nimemwona mamako", lini? Hata Madrid kama nilimwona jana sokoni ni "vi", kama nimemwona leo ni "he visto", sentensi haisemi, kwa hivyo "vi" yako ni sahihi popote na mwalimu hakuwa na haki ya kukunyima. Aongeze "hoy" au "ayer" mwanzoni basi.

Kitu kingine ningeongeza, namba 9, kwa ajili yetu sisi Waswahili, maana karatasi hizi zinatungwa kwa Wazungu na mtego wetu mkubwa haumo. "Mtoto amelala", tafsiri. Wengi wataandika "el niño ha dormido", na Mhispania ataelewa mtoto ameshalala usingizi wake na pengine kaamka. -me- ya hapo ni ya hali, kwa hiyo ni "está dormido". Vile vile nimechoka ni "estoy cansado", amevaa kanzu ni "lleva un kanzu", amekaa ni "está sentado". Jiulize, naweza kuweka "saa hii" mbele yake na maana isibadilike? Saa hii mtoto amelala, saa hii nimechoka, inakubali, basi hapo haber haiingii.

Hesabu yako kwangu ni 5 kwa 8 ukisema unafuata Madrid na 7 ukisema Meksiko. Na kwa vile wateja wako wengine watatoka Barselona na wengine Meksiko, chagua moja ya kusema na ile nyingine uijue ya kusikia, halafu niandikie sentensi kumi zenye ayer, zote za kuja na kufika na kuondoka, nikuangalizie kama ile "nimekuja jana" imekuachia.